Diski ya kiuno ikichachamaa: miondoko inayotuliza, ile ya kuacha, na namna ya kujua tofauti

Kuna kosa moja ninaloliona kila wiki kwa watu wenye maumivu ya diski. Mgongo umekaza, kwa hiyo mtu anajinyoosha. Analala chali na kuvuta magoti kifuani, au anasimama na kuinama aguse vidole vya miguu. Pale pale anasikia kiuno kimelegea, anafurahi, anarudia mara ishirini. Saa moja baadaye mguu unawaka moto kuanzia takoni hadi kwenye kifundo, naye hahusishi moto huo na zoezi lililomstarehesha.

Mwongozo huu ni wa hali moja tu: diski ya kiuno imechachamaa, maumivu yanashuka kwenye tako au mguu, na yanazidi ukikaa au ukiinama. Ukiwa wewe unapata nafuu ukikaa na kuinama mbele, na kinachokuumiza ni kusimama na kutembea, jambo linaloonekana zaidi kwa watu wa umri mkubwa, tatizo lako huenda ni njia ya neva iliyosinyaa. Hatua za hapa zinaweza kukuzidishia, usizifuate.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Godoro gumu kiasi, au mkeka na blanketi sakafuni
- Mito miwili
- Kiti au stuli ya kuwekea miguu
- Taulo la kukunja liwe kama bomba nene
- Karatasi, kalamu na saa
- Viatu vya kutumbukiza mguu, visivyo na kamba

Kuhusu dawa za maumivu, zungumza na daktari au mfamasia kabla ya kumeza, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha, shida ya figo au ujauzito. Kazi ya dawa hapa ni kukuwezesha kujongea. Usiitumie kuficha maumivu ili ubebe mzigo.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Hatua hii ni ya dakika tano, wala usiiruke hata kama umewahi kuumwa hivi mara kumi.

Nenda hospitali leo hii, bila kusubiri asubuhi, ukiona lolote kati ya haya: mkojo hautoki au huhisi tena kibofu kikijaa, umeshindwa kuzuia mkojo au choo, kuna ganzi sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, yaani mahali pote panapogusa tandiko mtu akipanda farasi, au miguu yote miwili imeishiwa nguvu. Dalili hizi zina maana kwamba fungu la neva chini ya uti wa mgongo linabanwa, na likicheleweshwa madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Watu wengi huona haya kutaja ganzi ya sehemu hizo. Itaje wazi, mwanzo kabisa wa maelezo yako kwa daktari.

Mwone daktari mapema pia kama maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali, kama una homa, kama unapungua uzito bila sababu, au kama umewahi kuwa na saratani.

Kisha pima nguvu za mguu. Shika meza kwa mkono, tembea hatua kumi kwa visigino huku vidole vimeinuliwa. Baadaye simama kwa mguu mmoja na uinuke kwa ncha za vidole mara tano, halafu ufanye mguu wa pili. Diski mbili za chini kabisa ndizo zinazosumbua mara nyingi, na neva zake ndizo zinazoinua kidole gumba na kukusukuma juu unapochuchumia. Mguu ukiuma lakini miguu yote miwili inafanya kazi sawa, endelea. Ikiwa mguu mmoja unaburuza, au kisigino hakinyanyuki kabisa, muone daktari ndani ya siku hiyo au inayofuata.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya maumivu

Kwenye karatasi chora mwili kwa nyuma, mchoro wa mtoto unatosha. Weka alama mahali pa chini kabisa ambapo maumivu au ganzi vinafika sasa hivi. Pengine ni kwenye tako, pengine kwenye shavu la mguu, pengine kidole kidogo. Andika saa pembeni.

Alama hiyo ndiyo itakayokuongoza katika kila kitu kinachofuata, kwa hiyo niielezee vizuri.

Kati ya pingili na pingili kuna diski: pete ngumu ya nje, na ndani yake ute mzito. Unapoinama, pingili zinabana upande wa mbele na ule ute unasukumwa nyuma. Pete ikiwa imechanika au kulegea kwa nyuma, ndipo uvimbe unapogusa mzizi wa neva inayoshuka mguuni. Neva ikiguswa zaidi, maumivu hushuka chini zaidi. Ikipumzishwa, maumivu hupanda: yanatoka kifundoni, yanafika gotini, kisha takoni, mwisho yanabaki katikati ya kiuno.

Kanuni basi ni hii. Mwondoko unaopandisha maumivu kuelekea kiunoni ni mzuri kwako, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Mwondoko unaoshusha maumivu mguuni ni mbaya kwako, hata kama kiuno kinaona raha. Na usihukumu wakati unafanya. Hukumu dakika kumi baada ya kumaliza, ukiwa umesimama.

Sababu ya kuvuta magoti kifuani kudanganya watu ni kwamba kunanyoosha misuli iliyokaza ya kiuno, na raha hiyo ni ya kweli. Lakini misuli ilikaza kulinda diski, nayo diski inabanwa wakati huo huo.

## Hatua ya 3: Tafuta mkao wa kupumzikia

Siku ya kwanza, maumivu yakiwa makali kiasi cha kukukata pumzi, usianze na mazoezi. Tafuta kwanza mkao ambao mguu unanyamaza.

Wengi huupata hapa: lala chali sakafuni, weka shavu la miguu yote miwili juu ya kiti, magoti na nyonga vikunjike pembe mraba. Kiuno kiache kilale chenyewe, usikibinye chini. Kaa dakika 10 hadi 15. Wengine hupata nafuu kwa kulala ubavu, upande usiouma ukiwa chini, magoti yamekunjwa kidogo na mto katikati yake ili nyonga ya juu isivutike mbele.

Utajua umefanikiwa pumzi ikishuka na mguu ukapoa, hata nusu. Ukitoka kwenye mkao huo, usinyanyuke kwa kukaa moja kwa moja. Jiviringishe upande kama gogo, mabega na nyonga pamoja, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Tahadhari: mkao huu ni wa kupumzikia tu. Kulala siku nzima, na siku inayofuata, kunachelewesha kupona. Ukipumzika dakika 15, inuka utembee kidogo, hata kama ni kuzunguka chumba.

## Hatua ya 4: Ngazi ya kifudifudi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanapokosea kwa haraka. Kuna ngazi nne. Hupandi ngazi inayofuata mpaka uliyopo iache maumivu mahali pale pale au iyapandishe.

Ngazi ya kwanza. Lala kifudifudi, mto mmoja chini ya tumbo, kichwa kimegeuzwa upande, mikono kando ya mwili. Mto ni wa mtu ambaye kulala bapa kunamuuma sana. Kaa dakika 2 hadi 5, pumua kwa tumbo, legeza matako. Matako yakikaza, zoezi halifanyi kazi, kwa sababu misuli inashikilia kiuno kisishuke. Uone kama unaweza kuvigeuza vidole vya miguu viangalie ndani, yaani visigino vifunguke nje. Hapo matako hulegea yenyewe.

Ngazi ya pili. Ondoa mto. Dakika 5 hivyo hivyo, bapa.

Ngazi ya tatu. Inuka kwa viwiko, vikae chini ya mabega, kama mtu anayesoma kitabu akiwa amelala. Tumbo la chini na nyonga vibaki vimegusa sakafu. Kaa dakika 2 au 3. Kiuno kitahisi kubanwa katikati, na hilo linategemewa.

Ngazi ya nne. Weka viganja chini ya mabega na usukume kifua juu polepole, nyonga zikibaki chini, matako yamelegea. Fika unapoweza, tulia pumzi moja, shuka. Mikono ndiyo inayofanya kazi, mgongo unabebwa tu. Fanya mara 10. Mara ya kwanza nenda robo ya njia, na ongeza kidogo kidogo kadiri maumivu yanavyopanda kuelekea kiunoni.

Rudia ngazi uliyofikia kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Mara nyingi na kidogo kidogo kunashinda mara moja kwa nguvu, maana kila ukikaa au kuinama unairudisha diski nyuma kiasi fulani.

Acha mara moja, na ushuke ngazi, maumivu yakienda chini kuliko alama yako na yakabaki huko. Ukiona hata ngazi ya kwanza inashusha maumivu kila unapoijaribu kwa siku mbili, njia hii si yako. Muone mtaalamu wa fiziotherapia. Vivyo hivyo ukijitazama kwenye kioo na kuona kiwiliwili kimeegemea upande, bega moja liko nje ya nyonga: upande huo unatakiwa kurekebishwa kwanza na mtu anayejua, ndipo kusukuma juu kufae.

## Hatua ya 5: Tembea, lakini kwa vipande

Kutembea kunaujongeza mgongo bila kuukunja. Anza na dakika 5, mahali tambarare, mikono ikipepea kama kawaida. Mara nne au tano kwa siku. Kama mguu uko vilevile au umepoa, ongeza dakika mbili mbili kila siku.

Hatua ziwe fupi. Hatua ndefu inavuta neva ya nyuma ya paja, na neva iliyokwisha kukasirika haipendi kuvutwa. Ukihisi umeme unashuka kadiri unavyotembea, geuka urudi kabla haujafika kwenye alama ya chini.

## Hatua ya 6: Mambo ya kuacha, na badala yake

Mazoezi ya dakika arobaini kwa siku hayawezi kushinda kuinama kwa saa kumi. Ndiyo maana naipa sehemu hii uzito sawa na ngazi.

Kuinama saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku, mwili ukiwa hauna mzigo, diski hunyonya maji na kuvimba. Asubuhi imejaa, imekaza kama puto, na kuinama wakati huo kunaibana kuliko kuinama mchana. Kwa muda wa saa moja usifunge kamba za viatu, usifue, usitandike kitanda, wala usifanye zoezi la kukunja kiuno. Ukipiga mswaki, shika sinki kwa mkono mmoja, mguu mmoja mbele, magoti yakunje kidogo, kisha sogeza matako nyuma badala ya kupinda mgongo.

Kukaa. Weka saa ilie kila dakika 20. Ikilia, simama, viganja kwenye kiuno, jipinde nyuma polepole mara 5. Ukikaa, taulo lililokunjwa liwe nyuma ya kiuno, mahali mkanda unapopita. Kochi laini la kuzamia ni baya kuliko kiti kigumu.

Kunyoosha nyuma ya paja. Hili linahitaji kusemwa kwa sauti. Nyuma ya paja inahisi imekaza, mtu anafunga mkanda unyayoni na kuvuta mguu ulionyooka juu. Mara nyingi kinachokaza pale ni neva, wala si msuli. Ukiivuta, itajibu usiku.

Kuinuka toka chali kwa ajili ya tumbo, na kujisokota ukiwa umeinama. Yote mawili acha kabisa. La pili ndilo la hatari zaidi: kuinama, kubeba na kugeuka kwa pamoja, kama kutoa ndoo ya maji upande mmoja na kuiweka upande wa pili. Geuza miguu, kiuno kifuate.

Chafya na kikohozi. Watu husahau. Chafya ukiwa umekaa umejikunja inaweza kukurudisha siku tatu nyuma. Ukiihisi inakuja, simama, weka kiganja ukutani, pinda kiuno nyuma kidogo, ndipo uiache itoke.

Kukazana chooni. Presha ile ya tumbo inafika kwenye diski. Kunywa maji, kula mboga na matunda. Dawa kali za maumivu zinaweza kufunga choo, kwa hiyo mwambie daktari mapema ikitokea.

Kitu kilichoanguka chini kiokote kwa kupiga goti moja, mkono umeshika kiti. Si lazima kukiokota. Mwombe mtu.

## Mfano mmoja, siku kwa siku

Dereva wa lori mwenye miaka 43 alikuja kwangu akiwa na maumivu kutoka tako la kushoto hadi nje ya shavu la mguu. Mguu aliupa 7 kati ya 10, kiuno 4. Alikuwa anavuta magoti kifuani asubuhi na jioni kwa siku tisa, na aliniambia ndilo zoezi pekee linalompa raha. Nguvu za miguu zilikuwa sawa, mkojo sawa.

Siku ya kwanza tuliacha magoti, tukaanza kifudifudi na mto. Hakuweza kufikisha dakika tatu. Siku ya pili alilala bapa dakika tano, na alama kwenye karatasi ikapanda hadi gotini.

Siku ya tatu alinipigia simu akiwa na hofu. Alikuwa amepanda ngazi ya viwiko, na kiuno kilikuwa kimefika 6. Nilimwuliza mguu ukoje. Akanyamaza, kisha akasema, "Mguu hauniumi tena, ni tako tu." Hapo ndipo watu wengi huacha, wakidhani wameharibu, kumbe ndiyo dalili waliyokuwa wakiitafuta. Nikamwambia aendelee palepale, asipande ngazi siku hiyo.

Siku ya tano alijiona mzima, akakaa kwenye usukani dakika 40. Jioni maumivu yalirudi kwenye shavu la mguu. Hakuanza upya. Alishuka hadi kulala bapa, akatembea dakika tano tano, na kesho yake mchana alikuwa amerudi takoni. Siku ya kumi mguu ulikuwa kimya, kiuno kimebaki kigumu asubuhi tu.

Alirudi kuendesha safari fupi wiki ya tatu, akisimama kila nusu saa.

## Hatua ya 7: Kurudisha kuinama

Wapo wanaopona wakaogopa kuinama mwaka mzima. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu kiuno kisichoinama hukakamaa na mtu huishi kwa woga.

Mguu ukiwa kimya kwa wiki moja mfululizo, anza. Fanya alasiri, kamwe usifanye asubuhi. Lala chali, vuta goti moja, kisha la pili, polepole, mara 5 tu. Zoezi lile lile nililokukataza mwanzoni sasa lina nafasi yake. Malizia na kusukuma kifua juu mara 10, kisha simama usubiri dakika kumi na uangalie karatasi yako.

Tako likianza kunong'ona, subiri siku tatu ndipo ujaribu tena. Likinyamaza, ongeza mara mbili mbili, na baada ya wiki mbili jaribu kuinama ukiwa umekaa, halafu ukiwa umesimama. Mizigo iwe ya mwisho.

## Muda wa kungoja

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, na mara nyingi mwili wenyewe hupunguza kipande cha diski kilichotoka nje. Ganzi huchelewa kuondoka kuliko maumivu, kwa hiyo kidole chenye ganzi huku mguu hauumi tena kisikutishe, mradi eneo la ganzi halikui.

Picha ya MRI, inayoonyesha diski na neva ndani ya mgongo, si ya lazima siku za mwanzo kama hatua ya 1 ilikuwa safi. Watu wengi wasioumwa kabisa wana diski zilizotokeza kwenye picha, na picha ya namna hiyo huleta hofu bila kubadili unachopaswa kufanya wiki hii. Inahitajika nguvu zinapopungua, dalili za dharura zinapotokea, au wiki sita zikipita bila alama kwenye karatasi kupanda. Ukienda kumwona daktari wakati huo, beba karatasi hizo zote. Zitamwonyesha kwa dakika moja ni mwondoko gani unashusha maumivu yako na ni upi unayapandisha.